Printa ya leza inapoandika 50.2 FUSER ERROR: namba hiyo inasema nini, na wakati gani uache kujaribu tena

Swali ambalo watu huuliza kwanza wanapoona maandishi hayo kwenye kioo cha printa ni kama waizime na kuiwasha tena mpaka ikubali. Jibu ni kwamba inaruhusiwa kujaribu mara moja, baada ya kuiacha ipoe kwa dakika 25 hadi 30 na kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Namba ikirudi baada ya hapo, hairuhusiwi kujaribu tena mpaka kitu fulani kimebadilishwa au kimepimwa. Kuna hali kadhaa ambazo hata hiyo mara moja haifai, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua. Nimetumia printa za HP LaserJet kama mfano kwa sababu ndizo zilizojaa katika maduka ya steshenari na ofisi nyingi za kwetu, na kwa sababu namba zake hueleza tatizo kwa uwazi kuliko nyingine nyingi.

Kabla ya yote, tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Fyuzi ni kile kijiti chenye waya mwembamba kinachokatika umeme unapozidi. Fyuza ni kitu kingine kabisa: ni sehemu iliyo karibu na mahali karatasi inapotokea, yenye rola mbili zinazobana karatasi, moja ikiwa na joto na nyingine ikiwa ya mpira laini. Tona ni unga wa plastiki. Inapotoka kwenye ngoma huwa imelala tu juu ya karatasi, na ni fyuza inayoiyeyusha kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi ili ishike. Nimewahi kuona mtu akifungua printa nzima kutafuta fyuzi iliyoungua kwa sababu ya maandishi haya, na alipoikuta nzima akaamini kwamba printa inadanganya.

Ndani ya fyuza kuna vitu vitatu vya kuelewa, na bila hivyo namba haitakuwa na maana. Cha kwanza ni hita, ambayo katika LaserJet nyingi ni kipande chembamba cha kauri kilicho ndani ya slivu, yaani bomba jepesi linalozunguka. Cha pili ni themista, kitambuzi kidogo kinachogusa au kukaribia hita na kuiambia bodi inayoendesha printa joto limefika wapi. Cha tatu ni swichi ya joto, ambayo haina mazungumzo yoyote na bodi: imeunganishwa kwenye njia yenyewe ya umeme unaoenda kwenye hita, na joto likivuka mpaka hatari inakata umeme. Bodi hutawala joto kwa kusikiliza themista. Swichi ya joto ni mlinzi wa mwisho endapo bodi na themista vyote vimekosea.

Hatua ya kwanza: andika namba yote

Usiishie kwenye neno FUSER. Tarakimu inayofuata nukta ndiyo habari yenyewe. Katika printa kama LaserJet P4014 na P4015, `50.1` ina maana kwamba joto la fyuza liko chini ya linalotakiwa. `50.2` kwamba fyuza imechukua muda mrefu mno kupata joto baada ya kuwashwa. `50.3` kwamba joto limezidi. `50.4` kwamba kuna hitilafu katika njia ya umeme inayoendesha hita. Namba `50.8` na `50.9` ni ndugu wa `50.1` na `50.3`, yaani joto dogo na joto kubwa, ila zimetoka kwa themista ya pili iliyo karibu na ncha ya hita. Katika matoleo ya baadaye namba huwa ndefu zaidi, lakini tarakimu ya kwanza baada ya nukta kwa kawaida hubeba maana ileile.

Printa za kampuni nyingine zina lugha zao. Kyocera huandika `C6000` hita inapoonekana kukatika na `C6020` joto linapozidi. Ricoh huandika `SC542` fyuza isipofikia joto na `SC543` au `SC544` inapozidi, na huifunga mashine makusudi ili kuzima na kuwasha kusiweze kuifuta namba hiyo mpaka fundi aingie. Kufungwa huko si usumbufu. Ndiko jibu la watengenezaji wenyewe kwa swali letu la kujaribu tena.

Hatua ya pili: tazama karatasi ya mwisho iliyotoka

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu namba haisemi fyuza ina joto gani. Namba inasema themista *iliona* joto gani. Tofauti hiyo ni ya usalama hasa.

Fikiria themista iliyofunikwa na tabaka la tona iliyoganda, au iliyosukumwa kidogo na kipande cha karatasi kilichobaki ndani baada ya kukwama. Haigusi tena pale inapopaswa kugusa, hivyo inaiambia bodi kwamba fyuza bado ni baridi. Bodi inaamini na kuongeza umeme. Fyuza inazidi kupata moto, themista inaendelea kusema baridi, na mwishowe printa inasimama na kuandika `50.1` au `50.2`, namba za joto *dogo*, wakati ndani kuna joto kubwa kuliko la kawaida. Anayeiwasha tena mara tano mfululizo kwa kuamini kwamba mashine ina baridi anakuwa ameiongezea joto mara tano bila kipimo cha kweli, na kilichobaki kumlinda ni swichi ya joto pekee.

Kwa hiyo chukua karatasi ya mwisho na uisugue maandishi kwa kidole. Tona ikitoka kama masizi, fyuza ilikuwa baridi kweli, na namba na hali halisi vinakubaliana. Maandishi yakiwa yameshika vizuri lakini karatasi imejikunja sana, imepata rangi ya kahawia, au ina mng'ao usio wa kawaida, basi fyuza ilikuwa na joto kupita kiasi, haidhuru namba inasema nini. Nusa pia karibu na mlango wa nyuma bila kugusa ndani. Harufu ya plastiki inayoungua, moshi hata kidogo, au mlio wa kukatakata kutoka kwenye plagi ni amri ya kuacha: chomoa waya ukutani, si kubonyeza swichi ya printa tu, na usiiwashe tena mpaka ipite mikononi mwa fundi. Moshi ukiendelea baada ya kuchomoa, tumia kizimamoto cha unga mkavu au cha gesi ya kaboni dioksidi, usimwage maji.

Hatua ya tatu: subiri dakika 25 hadi 30, kisha jaribu mara moja

Muda huu si wa kubahatisha. HP wenyewe katika miongozo ya baadhi ya LaserJet huagiza kuzima na kusubiri angalau dakika 25 kabla ya kuwasha tena. Sababu ni kwamba bodi huanza upya ikiwa haina uhakika wa hali ya fyuza, na inachofanya kwanza ni kuipa hita umeme na kuangalia joto linapanda kwa kasi gani. Ikianza huku ndani kuna joto lililobaki la ile hitilafu, kipimo hicho kinaharibika, na kama namba ilikuwa ya joto kubwa, sehemu za plastiki na slivu hazijapata nafasi ya kurudi katika hali salama. Kuzima na kuwasha baada ya sekunde tano hakumpi mtu habari yoyote mpya.

Unaposubiri, ondoa kila kilicho kati ya printa na ukuta: ekstensheni, stabilaiza, UPS, kizuia mawimbi ya umeme. Hita inapoanza kupata moto inaweza kuvuta wati 800 au karibu na 1000 kwa ghafla, na UPS ndogo za kompyuta hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Zaidi ya hapo, bodi hupima mzunguko wa umeme ili ijue wakati gani hasa wa kufungua na kufunga njia ya hita, na umeme wenye umbo baya kutoka kwenye inveta ya bei nafuu au jenereta dogo linaloyumba unaweza kuzaa `50.4` ilhali hakuna kilichoharibika ndani ya printa.

Kama namba ilikuwa `50.3` au `50.9`, jiulize pia ulikuwa unachapa nini. Bahasha nyingi mfululizo au karatasi nyembamba za ukubwa wa A5 hupita katikati ya rola na kuchukua joto la katikati peke yake, huku ncha zisizoguswa na karatasi zikiendelea kupata moto. Themista ya pembeni huona hilo na kusimamisha kazi. Katika hali hiyo printa imefanya lililo sawa, na baada ya kupoa itaendelea vizuri ukichapa kwa mafungu madogo na kuchagua aina sahihi ya karatasi kwenye menyu. Lakini `50.3` iliyotokea wakati wa kuchapa A4 ya kawaida, au mara tu printa ilipowashwa, sina ushauri wa kuijaribu tena. Iache imechomolewa.

Kuna jambo moja linalokwenda kinyume na hili. Baadhi ya printa za Brother, fyuza inapopata tatizo, huandika Self-Diagnostic na kusema kwamba zitajiwasha upya ndani ya dakika 15. Hizo zinataka *ziachwe zikiwa zimewashwa* kwa dakika hizo 15 ili zifanye kipimo chao. Ukizizima katikati, unaanza kuhesabu upya. Soma kwanza kioo cha mashine yako kinasema nini.

Hatua ya nne: namba ikirudi, pima umeme kabla ya kulaumu fyuza

Nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha mpangilio huu. Duka la steshenari lililo karibu na shule ya sekondari lilikuwa na LaserJet ya ukubwa wa kati iliyoandika `50.2` kila asubuhi. Kijana wa dukani alikuwa akiizima na kuiwasha mara saba au nane mpaka inakubali, na kwa kuwa mwishowe ilikubali, kila mtu aliona kwamba hiyo ndiyo dawa. Fundi wa kwanza alishauri wanunue fyuza mpya. Mwenye duka, mama mwenye hekima ya kutotoa fedha haraka, akaniambia, "Mwanangu, kama fyuza imekufa, mbona saa nne inafanya kazi?"

Swali lake lilikuwa na jibu ndani yake. Tulisugua karatasi ya mwisho iliyotoka kabla ya namba: tona ikatoka kwenye kidole, kwa hiyo baridi ilikuwa ya kweli na themista haikuwa inadanganya. Kisha nikapima umeme kwa multimita. Soketi ya ukutani ilikuwa na volti 228. Mwisho wa ekstensheni, printa ikiwa imelala, ilikuwa vilevile 228. Lakini wakati hita inaanza kupata moto, mwisho wa ekstensheni ulishuka hadi 190, ilhali ukutani palibaki zaidi ya 225.

Printa hizo hutengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240, na uvumilivu wa asilimia 10, yaani zisishuke chini ya 198. Watu hudhani kushuka kutoka 228 hadi 190 ni jambo dogo, kwa kuwa ni pungufu ya asilimia 17 tu. Hita haihesabu hivyo. Nguvu yake hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, na 190 mara 190 ukigawanya kwa 228 mara 228 unapata 0.69. Hita ilikuwa inapata chini ya asilimia 70 ya nguvu yake, katika chumba chenye baridi ya asubuhi, na muda uliowekwa wa kupata joto ukawa unaisha kabla haijafika. Kila kuwashwa upya kulianzia pale joto la mara iliyopita lilipofikia, na ndiyo sababu jaribio la nane lilifaulu.

Jambo la kutisha halikuwa ndani ya printa. Zile volti 38 zilizopotea njiani hazikupotea hewani. Ziligeuka kuwa joto ndani ya ekstensheni. Hita ya aina ile huvuta zaidi kidogo ya ampea 3, na volti 38 mara ampea 3 ni zaidi ya wati 100, zilizokuwa zikitoka kwenye viungo vilivyolegea vya ekstensheni iliyofichwa nyuma ya rundo la karatasi. Tulipoifungua, plastiki ya tundu moja ilikuwa imegeuka kahawia na kulainika. Yale majaribio saba ya kila asubuhi yalikuwa yanapasha moto kitu ambacho hakina themista wala swichi ya joto. Ekstensheni ilitupwa, printa ikachomekwa ukutani, na `50.2` haikuonekana tena. Fyuza mpya haikununuliwa.

Basi fanya vipimo hivyo viwili, ukutani na mwishoni mwa waya, *wakati hita inafanya kazi*, kwa sababu umeme usiobebeshwa mzigo mara nyingi huonekana mzuri. Kama huna multimita au hujazoea kupima umeme wa ukutani, mwombe fundi umeme. Hapa si mahali pa kujifunzia. Usiye na kipimo unaweza angalau kugusa plagi na kiungo cha ekstensheni kwa nje dakika chache baada ya kuchapa. Uvuguvugu kidogo hauna neno, lakini joto linalokufanya uondoe mkono ni kosa.

Hatua ya tano: ikiwa umeme ni mzuri na namba bado inarudi

Sasa fyuza yenyewe inashukiwa. Chomoa waya, subiri tena nusu saa, kwa kuwa rola huhifadhi joto la kuunguza ngozi muda mrefu baada ya kioo kuzima. Katika P4015 na jamaa zake, fyuza hutoka kwa mlango wa nyuma kwa kubana vishikio viwili vya bluu pande zote mbili na kuivuta. Katika mashine ndogo nyingi lazima kasha lote lifunguliwe, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikitoka, angalia vipande vya karatasi, slivu iliyopasuka au kukunjamana, na pini za kiunganishi zilizoungua. Irudishe kwa kuisukuma mpaka ilie pande zote mbili. Fyuza iliyokaa upande hutoa namba kama iliyokufa.

Fundi akipima hita ya kauri kwa omu, ya wati 800 kwa volti 230 inapaswa kuonyesha karibu omu 66, na hita iliyokatika haionyeshi muunganiko wowote. Themista nayo huonyesha thamani kubwa ikiwa baridi, na thamani hiyo hushuka polepole ikipashwa joto la mkono. Isiposhuka, au ikirukaruka, imekufa.

Hapa ndipo panapotokea ukarabati wa hatari kuliko wote. Swichi ya joto ikiwa imekatika, wapo mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya na printa ikafufuka palepale. Kuanzia dakika hiyo mlinzi wa mwisho hayupo, na themista ikidanganya kwa namna niliyoeleza juu, hakuna kitakachokata umeme kabla ya karatasi kuwaka. Swichi hiyo haikatiki bila sababu. Joto lilizidi kweli. Fundi akikwambia ameunganisha moja kwa moja, usiipokee mashine.

Ukinunua fyuza nyingine

Fyuza za printa zinatengenezwa kwa umeme wa aina mbili, na kwa nje zinafanana. Kwa P4015, fyuza ya volti 220 ina namba RM1-4579, na ya volti 110 ni RM1-4554. Vifurushi vya matengenezo vyenye fyuza ndani ni CB389A kwa 220 na CB388A kwa 110. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, lakini vipuri vilivyotumika huja pia kutoka Marekani, na muuzaji aliyetandaza mzigo wake anaweza asijue tofauti. Hita ya volti 110 ina ukinzani wa karibu robo ya ile ya 220, hivyo ikiunganishwa kwenye umeme wetu huvuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa. Soma kibandiko kwenye fyuza yenyewe, si kwenye boksi, na linganisha na kilicho kwenye ile unayoitoa.

Angalia pia idadi ya kurasa kwenye taarifa ya printa kabla ya kuamua. Kwa P4015 kifurushi cha matengenezo hubadilishwa kila kurasa 225,000, kwa hiyo fyuza iliyokufa kwenye kurasa 230,000 imemaliza kazi yake, ilhali iliyokufa kwenye 40,000 imeuawa na kitu, na kitu hicho kitaiua na mpya.

Baada ya kufunga mpya, chapa kurasa kumi za A4, sugua ya kwanza na ya kumi, kisha izime printa, iache ipoe kabisa, na uiwashe tena kutoka katika hali ya baridi, kwa kuwa `50.2` hujitokeza pale tu. Namba ileile ikirudi huku fyuza ni mpya, ni ya volti sahihi, na umeme ukutani ni mzuri wakati hita inafanya kazi, basi hitilafu iko kwenye bodi ya umeme inayoilisha hita. Ichomoe na uipeleke kwa fundi ukiwa na karatasi yenye namba, volti ulizopima na karatasi ya mwisho iliyotoka.